Pua ya Kuazima

Alikuja wakati nimeteremsha mlango wa bati nusu. Ami Abdulrauf alikuwa amekwenda msikitini kuswali Alasiri, nami nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta nikirudia kimoyomoyo majibu ya maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza bado. Mara nikaona viatu vyenye tope chini ya bati, kisha kichwa kikapenya, kisha mwanamke mzima akasimama katikati ya duka akidondosha manyunyu ya Julai kwenye sakafu niliyotoka kuipangusa.

“Sasa? Mmefunga?”

“Tumefunga kidogo.”

“Basi niuzie kidogo,” akasema, akacheka peke yake, kisha akaona aibu. “Pole, dada. Nimezunguka town yote. Kila duka wananipulizia tu mpaka kichwa inauma.”

Nikampa kitambaa ajifute. Duka letu ni jembamba, liko ndani ya ushoroba karibu na Mtaa wa Biashara, na ukuta mmoja wote ni mafuta ya manukato. Mteja huchagua, nasi tunampimia kwa bomba la sindano, tunachanganya na spiriti, tunamtilia kwenye chupa ya kupuliza. Wengi huja wakitaka kitu kitakachotangulia kuingia chumbani kabla yao. Huyu alitaka kinyume chake.

“Nina intavyuu Alhamisi,” akasema. “Waliniambia kwa simu, kama lazima ujipake kitu, iwe nyepesi sana. Ningeenda bila, lakini…” Akasita. “Naitwa Muthoni. Tunaishi Kinoo. Kabla niende popote lazima nikamue ng’ombe wa baba. Nikikaa karibu na mtu, naona ananusa. Labda hanusi. Lakini mimi naona ananusa.”

Nilimpenda kwa maneno hayo. Nami nilikuwa na intavyuu yangu siku hiyo hiyo, na nilijua jinsi mtu anavyoweza kujitazama kwa macho ya watu wasiokuwepo. Nilikuwa nimehitimu mwaka mmoja uliopita, somo la mawasiliano, na barua zangu za maombi zilikuwa zimejibiwa kwa kimya cha kila aina.

“Nikwambie kweli ingawa nauza?” nikamwuliza. “Manukato hayafuniki harufu ya zizi. Yanapanda juu yake, zinakuwa harufu mbili. Ukimaliza kukamua, oga na sabuni isiyo na harufu kali, osha na nywele. Nguo za intavyuu zisilale jikoni wala karibu na zizi, zifunge ndani ya mfuko. Hiyo ndiyo kazi kubwa. Manukato ni salamu tu.”

“Na losheni?”

“Unapaka ipi?”

Akaniambia, nikacheka. “Hiyo pekee ni manukato kamili. Siku hiyo paka mafuta ya kawaida yasiyonukia.”

Nilimchagulia tatu. Nikachovya vipande vya karatasi ndani yake, nikampungia moja baada ya nyingine, nikimpa nafasi ya kupumua hewa ya mlangoni katikati. Ya kwanza ilikuwa ya waridi, akakunja uso: “Hii ni ya harusi.” Ya pili ilikuwa ya vanila. “Hii ni keki.” Ya tatu ilikuwa ya ndimu na majani ya chai, na chini yake miski nyeupe kidogo, ile miski laini inayofanana na shuka iliyoanikwa juani. Alifumba macho tu.

“Usinunue bado,” nikamwambia. “Karatasi haina ngozi.” Nikampulizia mara moja upande wa ndani wa mkono. Akaanza kusugua mikono pamoja, nikamzuia. “Acha ikauke yenyewe. Na unachonusa sasa si yenyewe. Ndimu huja mbio na huondoka mbio. Kaa hapo, tungoje inayobaki.”

Tukangoja. Nikamtolea chai kutoka kwenye chupa ya Ami. Aliniambia kuhusu ng’ombe anayeitwa Waziri kwa sababu anakula bila kufanya kazi, nami nikamwambia kuhusu mteja aliyetaka harufu ya pesa mpya. Nje watu walipita wakiwa wamejikunyata kwa baridi. Baadaye nikamwambia anuse tena mkono.

“Imepungua,” akasema. “Lakini imekuwa… yangu.”

“Ndiyo hiyo.”

Nilimchanganyia chupa ndogo, mafuta machache, spiriti nyingi. Nikamwambia itulie gizani mpaka Alhamisi ili ukali wa spiriti uishe. “Puliza mara moja tu, kifuani, chini ya nguo, muda mrefu kabla ya kufika, ili ndimu iwe imeshakwenda zake. Si kwenye sweta, maana kitambaa hakisahau. Si mikononi, maana utawapa watu mkono na karatasi. Na usiongeze njiani hata ukiona imepotea. Haijapotea. Pua yako imeizoea, basi. Wewe ndiye mtu wa mwisho kujua unavyonukia.”

Akaishika chupa kama mtu aliyepewa kifaranga. “Sasa nitajuaje kama ni sawa?”

“Azima pua ya mtu mwingine.”

“Nyumbani wote wananuka ng’ombe kama mimi,” akasema. “Hawawezi kuniambia chochote.”

Ndipo nikasema neno ambalo nilifurahi kulisema. “Nitakunusa mimi. Nakaa Mountain View, na Alhamisi niko pande hizo. Intavyuu yako iko wapi?”

“Kitisuru. Lile shirika la afya ya watoto, kwenye nyumba ya lango la kijani.”

Mkono wangu ulikuwa bado unafunga kifuniko cha chupa ya miski. Uliendelea kufunga ingawa kilishafika mwisho.

“Utakuja kweli?” akauliza. “Niahidi, dada. Nikikuona hapo nje nitatulia.”

“Nakuahidi.”

“Yule dada wa ofisi alinitisha. Anaitwa Abeer. Alisema amewapigia wote walioitwa, mmoja mmoja. Mkubwa wa jopo, Madam Peres, manukato makali yanamletea kipandauso. Eti kuna mtu aliwahi kutolewa katikati ya swali.” Akachungulia uso wangu. “Uko sawa?”

“Niko sawa. Ni baridi.”

Aliinama chini ya bati akatoka, na viatu vyake vya tope vikaondoka kwa furaha.

Abeer alikuwa amewapigia wote. Mimi pia alinipigia. Jumapili, saa ya chakula cha mchana, na nilihama mezani kwenda kibarazani ili nimsikie vizuri, kwa sababu sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu anayetoa siri. Abeer na mimi tulikulia mlango kwa mlango, tulisoma chuoni chumba kimoja, tulikula sahani moja mwezi wa Ramadhani. Yeye ndiye aliyenitumia tangazo la kazi. “Nabiha, mwenzangu, nisikilize,” alisema. “Huyu Madam Peres alikaa Lamu miaka. Anapenda udi, anapenda wasichana wetu. Usiende na harufu za dukani. Ifukizie suti yako udi ule wa mama yako, uingie mpaka ndani. Akikusikia tu, umeshamaliza nusu ya kazi.”

Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba ngazi ya nyumbani kwetu ina kidato kilichovunjika. Mama alifurahi kuliko mimi. Jumatatu jioni alitia makaa kwenye chetezo, akatupia vipande vya udi alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya Idi, akalitandaza koti langu la sufi juu ya tenga, akaligeuza ndani na nje kama anayeoka mkate. “Mwanangu ataingia kama bibi harusi wa kazi,” alisema.

Nikiwa peke yangu dukani nilitafuta namna ya kumtetea Abeer. Labda Muthoni alisikia vibaya. Labda kuna Peres wawili. Labda Abeer mwenyewe alijua baadaye, na alikuwa karibu kunipigia. Nikaamua kumpa mlango wa kutokea. Nikampigia mimi.

“Abeer, nina wasiwasi na huu udi. Chumba chenyewe kikoje?”

“Kidogo tu, kizuri. Kina zulia.”

“Madirisha?”

“Julai hii nani afungue madirisha? Usiogope, Nabi.”

“Basi nifukize kweli? Nisipunguze?”

Hakunyamaza. Ndilo lililonichoma zaidi baadaye, kwamba hata pumzi hakuivuta. “Sana,” akasema. “Ongeza na kwenye mtandio.”

Nikamshukuru. Sikujua la kufanya zaidi ya kumshukuru. Ami aliporudi kutoka msikitini alinikuta nikizipanga upya chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, akaniuliza nani amekufa.

“Hakuna, Ami.”

“Basi mwache apumzike,” akasema, akaenda kutafuta chai yake ambayo nilikuwa nimempa mteja.

Jioni nililibeba lile koti hadi kwa jirani yetu Debra, tunayemwita Mama Kuria, ambaye ni mtu wa kanisa na hajawahi kufukiza chochote isipokuwa mbu. Sikumwambia kitu. Nilimwomba tu anuse, kwa sababu kwetu sisi sote tulikuwa kama Muthoni na ng’ombe wake: udi umo kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye vitabu vyangu vya shule ya msingi, na hakuna anayeusikia tena. Debra hakuhitaji hata kulisogelea.

“Woi, Nabiha! Hii koti haikuhitaji. Inaweza kuenda intavyuu peke yake.”

Nikacheka mpaka nikalia, na alipoona nimelia kweli akanikalisha. Nilimweleza. Alitaka kujua anakoishi Abeer.

“Muache, Mama Kuria.”

“Nimuache? Nyinyi watoto mna roho ya maziwa.” Alitoa sanduku lake, akanichagulia gauni la kijivu na koti jeusi, akayafua Jumatano kwa sabuni ya kipande pamoja na mtandio wangu mweupe, akayaanika ndani kwake kwa sababu kwetu yangeshika moshi. Asubuhi ya Alhamisi nilioga na kuvaa kwake. Mama alisimama kibarazani akinitazama nikitoka nyumba ya jirani.

“Kwani udi wetu una aibu gani?” akauliza.

“Hauna aibu, Mama. Una mahali pake tu.” Sikuweza kumwambia ni nani aliyeuelekeza mahali pasipo pake. Alimlea Abeer nusu ya utoto wake.

Nilifikiri pia kuhusu ile ahadi. Muthoni hakujua kwamba nagombea kazi ile ile. Ningeweza kufika mapema, nikapita langoni, nikaketi ndani. Ningemwambia baadaye kwamba hatukuonana. Jina langu lilikuwa la kwanza kuitwa, Abeer alishanijulisha, na hakuna ambaye angenilaumu kwa kutangulia. Nilipanda boda mpaka Kitisuru nikiwa bado naligeuza jambo hilo, na baridi ikinipiga usoni, na miti mirefu ya kule ikidondosha maji barabarani.

Alikuwa amesimama karibu na kibanda cha chai ng’ambo ya lango la kijani, ameukumbatia mkoba kifuani. Nilimsikia kabla hajaniona. Sisemi sauti yake.

“Dada wa manukato! Umekuja!” Akanishika mikono. “Ona, nimefanya yote. Nimeoga mara mbili. Nguo ililala kwa mfuko. Nilipuliza moja tu, chini, kama ulivyosema.” Akateremsha macho. “Lakini nikafika Uthiru nikaona haiko. Nikaongeza. Na hapa nikaongeza. Kwa shingo. Na kidogo kwa sweta. Nanusa ng’ombe tu, dada. Nanusa ng’ombe tu.”

Hakukuwa na ng’ombe hata mmoja. Kulikuwa na ndimu ya kukata pua, mbichi, spiriti yake bado inauma, na miski imelowa kwenye sufi ya sweta kama mvua. Kwenye chumba kidogo chenye zulia na madirisha yaliyofungwa, Madam Peres asingefika swali la tatu.

“Niambie,” akasema. “Niko sawa?”

Neno “uko sawa” ni fupi sana. Lilikuwa mdomoni tayari, na halikuwa hata na uchungu.

Lango likafunguliwa. Abeer akatoka na kitambulisho kikining’inia shingoni, ameshika karatasi ya majina. Alinitabasamia kutoka mbali kama zamani. Alipofika karibu tabasamu likasimama, nami nikaona pua yake ikitafuta. Ikatafuta kwenye koti, ikatafuta kwenye mtandio.

“Hukufukiza,” akasema.

“Mteja wangu aliniambia mlichowaambia wote.”

Alimtazama Muthoni, kisha mimi, kisha karatasi yake. Muthoni alikuwa anatutazama sisi wawili kwa zamu.

“Mkataba wangu unaisha Desemba,” Abeer akasema polepole, kwa sauti ya chumbani kwetu chuoni. “Nimeiomba hii nafasi pia. Hawa wengine siwaogopi. Wewe ukiingia popote watu wanakupenda, Nabi. Nimekuwa nikiangalia hilo tangu tuko wadogo.”

“Ungeniambia. Nisingeomba.”

“Najua usingeomba.” Macho yake yalijaa maji, na bado hayakurudi nyuma. “Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Mtu mwingine asingeniamini.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake mwingine. Kwa ule ukweli sikuwa nimejiandaa.

“Ni zamu yako,” akasema, sasa kwa sauti ya ofisi. “Jopo limeshakaa. Unaingia?”

“Kumbe ni wewe pia?” Muthoni akanong’ona. Mkono wake uliniachia. “Kazi ni hii hii? Na umekuja kuninusa?”

“Nilikuahidi.”

“Basi nenda. Nenda, dada, unaitwa.”

Nikamwuliza mwenye kibanda kama ana maji na sabuni. Alikuwa na mtungi, na kipande cha sabuni ya kufulia ndani ya kikopo. “Vua sweta,” nikamwambia Muthoni. “Umezidisha. Imekuwa nyingi mno, lakini inatoka.”

“Nabiha,” Abeer akasema. “Jopo haliwezi kungoja. Nikiingia bila wewe namwita anayefuata, na wewe unaenda mwisho, wakipata nafasi. Madam ana mkutano mchana. Huenda wasipate.”

“Mwite anayefuata.”

Alisimama kidogo. Nilidhani angesema neno, na nadhani hata sasa, baada ya yote, ningelipokea. Kisha nikasikia lango.

Sweta tuliikunja tukaiacha kwenye benchi la kibanda, mbali nasi. Nilimwosha shingo kwa kona ya kitambaa, sabuni kwanza kwa sababu mafuta hayaondoki kwa maji matupu, kisha maji, kisha sabuni tena. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Alitetemeka bila kulalamika. Nilipomkausha akanyanyua mkoba, tayari kukimbia.

“Bado,” nikasema. “Ngozi yenye maji inadanganya. Ngoja ikauke.”

“Dada, wewe! Zamu yako!”

“Imeshapita. Simama hapa penye upepo.”

Tukasimama. Mwanaume mmoja mwenye tai nyekundu alipita kati yetu akaingia langoni, na nikajua ndiye aliyechukua nafasi yangu. Muthoni alijua pia. Aliniuliza kwa sauti ndogo kwa nini sikumwambia tu kwamba yuko sawa. Nilimwuliza Waziri anaendeleaje. Akasema asubuhi ile alipiga ndoo teke. Tukacheka kidogo, na meno yake yaligongana.

Shingo ilipokauka nikamsogelea. Nilifumba macho, kama yeye alivyofumba dukani. Kulikuwa na sabuni ya kufulia, baridi ya asubuhi, na mbali sana, chini ya blauzi, kulikuwa na kitu kama shuka iliyoanikwa juani. Basi.

“Sasa ndiyo,” nikamwambia. “Ingia.”